Jinsi ya kuhamisha kundi kubwa la WhatsApp bila kupoteza taarifa muhimu

Kama unaishi Kansanga, Kabalagala, Nsambya au mtaa mwingine wa Kampala wenye wakimbizi wengi, huenda uko kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yako. Humo ndimo watu huuliza siku za kufanya upya vitambulisho, shule inayopokea watoto katikati ya muhula, chumba cha kupanga na mahali pa msiba. Facebook imefungwa nchini Uganda tangu Januari 2021, hivyo mengi yaliyokuwa yakiandikwa huko yamehamia WhatsApp.

Siku moja kundi hujaa au hubaki bila msimamizi, na mtu hufungua jingine na kuandika, "Jamani tuhamie huku." Wengi huhamia, lakini wiki mbili baadaye wanagundua kwamba fomu, namba za simu na maelezo ya mikutano vyote vimebaki kule. Makala hii inaeleza jinsi ya kuhama bila kuviacha.

Kwanza: je, ni lazima kuhama?

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kuna kundi la Kansanga lililofunguliwa miaka minne iliyopita, lenye Wakongo, Warundi na majirani Waganda. Limefikia watu 1,024, ambacho ndicho kikomo cha kundi moja la WhatsApp. Wengi wao hawako Kampala tena: wengine wamehamia Nakivale, wengine wamepelekwa nchi ya tatu, wengine wamebadilisha laini. Admini alikuwa mmoja tu. Simu yake iliibwa, na laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la jirani ambaye ameshahama. Hawezi kuirudisha namba, na hakuna mwingine anayeweza kuondoa wala kuingiza mtu.

Kama kundi lenu limejaa lakini admini yupo, msihame. Ondoeni namba zisizotumika na ongezeni maadmini wawili. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na historia yenu yote inabaki mahali pake.

Kama admini amepotea kabisa, kuna njia ya kusubiri. Kwa kawaida WhatsApp hufuta akaunti ambayo haijatumika kwa siku 120, na admini wa pekee akitoka kwenye kundi, WhatsApp yenyewe humteua mwanachama mwingine. Lakini aliyeiba simu anaweza kuendelea kuitumia akaunti hiyo, na miezi minne ni mirefu kwa familia iliyofika juzi na haiwezi kuingia. Kwa kundi la mfano wetu, kuhama ni lazima.

Kinachohama ni watu, si maneno

Hili ndilo watu wengi hawalijui. WhatsApp haina kitufe cha kuhamishia historia ya kundi moja kwenye kundi jingine. Maandishi yenu hayako mahali pamoja ambapo yanaweza kubebwa. Yako ndani ya simu ya kila mwanachama, na kwa kawaida kila simu ina yale tu yaliyotumwa tangu mwenyewe alipoingia. Aliyeingia mwaka jana hana ya mwaka juzi. Aliyepoteza simu na hakuwa na nakala ya akiba ana ya tangu aliponunua simu mpya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta mtu sahihi. Ulizeni kwenye kundi: nani yupo tangu mwanzo na hajabadilisha simu? Mara nyingi ni mama mmoja asiyesema sana, si wale wanaoandika kila siku. Simu yake ndiyo maktaba yenu. Mwombeni asifute kitu mpaka mmalize.

Angalieni pia kama kundi limewekewa Disappearing messages. Ikiwa imewashwa, jumbe hujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na zilizokwisha kufutika hazirudi. Hapo msipoteze siku hata moja.

Kutoa nakala ya mazungumzo

Kwenye simu ya Android, fungua kundi, gusa nukta tatu za juu kulia, kisha More, kisha Export chat. Kwenye iPhone, gusa jina la kundi, shuka chini hadi Export Chat. Simu itauliza kama unataka Without media, yaani maandishi peke yake, au na picha na mafaili. Chagua maandishi peke yake. Utapata faili jepesi la megabaiti chache, ambalo unaweza kujitumia kwa barua pepe bila kumaliza bando. Kama simu inakataa, huenda kundi limewekewa Advanced chat privacy, ambayo huzuia utoaji wa nakala.

Hapa kuna mtego. Nakala ya maandishi hubeba jumbe 40,000 za mwisho tu, na ikiwa na picha hubeba 10,000. Kundi la mfano wetu hupokea jumbe kama 150 kwa siku. Gawanya 40,000 kwa 150: utapata siku 266, yaani karibu miezi tisa. Kundi lina miaka minne, kwa hiyo nakala imechukua chini ya moja ya tano ya yote. Anayedhani ameokoa kila kitu ameokoa mwaka huu tu.

Ya zamani zaidi yamo bado kwenye simu ya yule mama. Yatafuteni humo kwa kutumia kitafutio cha kundi, kwa maneno machache: fomu, shule, kliniki, mkutano, wakili, mchango. Kila mnapopata ujumbe wa maana, ubonyezeni kwa muda na kuuwekea nyota. Mkimaliza, fungueni Starred na mtaona zote zimekaa pamoja.

Mafaili yana hatari yake

Kwa mafaili, gusa jina la kundi, kisha Media, links, and docs, kisha Docs. Hapo mtaona hati zote kwa mpangilio wa tarehe. Lakini kuonekana kwenye orodha si kuwepo. Kama mwenye simu hakuwahi kulipakua faili, linaweza kuwa limeshaondolewa kwenye mitambo ya WhatsApp, na simu itasema haliwezi kupakuliwa. Fungueni kila faili mnalolitaka, moja moja, leo. Lisilofunguka, mwombeni aliyelituma alitume tena kabla hajatoka kwenye kundi la zamani, maana akishatoka kumpata itakuwa shida.

Yale yanayofunguka yahifadhini kwenye folda moja ya Google Drive. Fungueni akaunti mpya kwa ajili ya jumuiya, si ya mtu binafsi, na nywila yake waijue watu wawili. Akaunti ya bure ina nafasi ya gigabaiti 15, inayotosha fomu na barua za miaka mingi. Folda ipewe ruhusa ya kusoma tu: Anyone with the link, kisha Viewer. Badilisheni majina ya mafaili. Faili linaloitwa "DOC-20230114-WA0007" hakuna atakayelipata. Liiteni "Fomu ya uhamisho wa shule – 2023". Nakala nyingine iwekeni kwenye flashi na akae nayo mwenyekiti.

Nini kibebwe, nini kiachwe

Sasa mna rundo la jumbe na mafaili. Kaeni watu watatu na mligawe mara tatu.

Fungu la kwanza ni yaliyo kweli hadi leo: namba za ofisi, siku za mikutano, utaratibu wa mchango wa msiba, fomu zinazokubalika. Kila moja lithibitishwe upya. Pigeni namba. Ulizeni ofisini. Ujumbe wa miaka miwili unaosema ofisi fulani hupokea watu Jumanne unaweza kumfanya mama atembee na mtoto mgonjwa hadi Old Kampala bure.

Fungu la pili ni yaliyokuwa kweli na ni kumbukumbu: hesabu za michango, mihtasari ya mikutano, makubaliano na mwenyekiti wa LC1. Haya hayahitaji kuonekana kila siku, lakini siku ya ugomvi wa fedha yatatafutwa. Yaende kwenye folda kama yalivyo, bila kusahihishwa.

Fungu la tatu ni ya watu binafsi, na hili lisihame. Miaka minne ya kundi ina picha za atestesheni, namba za kesi, picha za watoto waliopotea na wakapatikana, na maelezo ya mwanamke aliyeomba msaada usiku. Waliyatuma kwa watu waliowaona humo siku ile, si kwa wageni wa kesho. Uganda ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa kazi zilizotolewa kwayo. Na kwa mtu aliyekimbia kundi lenye silaha, namba yake ya simu na mtaa anaoishi ni suala la usalama wake.

Kwa sababu hiyo, faili zima la Export chat lisitumwe kamwe kwenye kundi jipya. Lina namba na maneno ya kila mtu. Libaki kwa watu wawili, na likishatumika lifutwe.

Kuhamisha ujumbe: usiufowadi, uandike upya

Ukiufowadi ujumbe wa zamani, unafika na alama ya Forwarded lakini bila jina la aliyeuandika na bila tarehe yake ya kwanza. Msomaji anaona maneno ya mwaka juzi kana kwamba yameandikwa leo. Kwa maandishi, andikeni upya kwa ufupi, mtaje chanzo na tarehe ya kuthibitisha. Kwa mafaili, kufowadi ni sawa, kwa sababu kwa kawaida hakukuli bando la kulipakia faili upya.

Ujumbe uliobandikwa juu hauonekani na wote

Hapa ndipo makundi mengi mapya huanguka. Maadmini huandika muhtasari mzuri, wanaubandika juu kwa Pin, halafu wanafungua mlango. Watu wanaingia na kuuliza maswali yaleyale. Maadmini wanakasirika: "Someni juu!" Lakini juu hakuna kitu.

Sababu ni mbili. Kwanza, ujumbe uliotumwa kabla mtu hajaingia kwa kawaida haupo kwenye simu yake, hata kama umebandikwa. Pili, kubandika kuna muda: saa 24, siku 7 au siku 30, basi. Baada ya hapo ujumbe hushuka wenyewe. Tena hamuwezi kubandika zaidi ya jumbe tatu.

Kitu kimoja tu huonekana na kila mwanachama, aingie lini: maelezo ya kundi, yaani Group description. Kwa hiyo yale yasiyobadilika yaandikwe humo. Kwa kundi la mfano wetu yangeweza kuwa hivi:

> KUNDI LA JUMUIYA – KANSANGA
> Maadmini ni watatu: mmoja Kansanga, mmoja Kabalagala, mmoja Nsambya. Majina yao yako kwenye orodha, yenye neno "Admin".
> Fomu na mihtasari yote: [kiungo cha folda]
> Simu ya bure ya UNHCR Uganda: 0800 323 232
> Huduma za wakimbizi ni BURE. Anayedai pesa kukupeleka nchi ya tatu ni tapeli.
> Usitume hapa picha ya atestesheni wala kitambulisho.
> Imethibitishwa: tarehe 1 Juni.

Yanayobadilika, kama mkutano ujao au fomu mpya, yawekwe kwenye muhtasari wa mwezi. Kila tarehe mosi admini mmoja auandike upya, autume kama ujumbe mpya na kuubandika kwa siku 30. Hivyo mnatatua mambo mawili kwa pamoja: walioingia mwezi uliopita wanaupata, na muda wa kubandika unaanza upya. Msibandike tena ule wa zamani. Tumeni mpya.

Je, Telegram si afadhali?

Kwa historia, ndiyo. Telegram inaweza kumwonyesha mgeni jumbe zote za nyuma, kilichobandikwa kinabaki mpaka mtakapokiondoa, na tangu 2021 inaweza kupokea faili la Export chat la WhatsApp. Lakini uzuri huo ndio hatari yake: mkiingiza nakala nzima, kila mgeni atasoma yale ya fungu la tatu. Na wengi wa wanachama wenu, hasa wazee, hawana Telegram kwenye simu zao. Mkipoteza nusu ya watu ili kuokoa maandishi, hamkuhama, mmegawanyika.

Kufungua mlango

Kabla ya kutuma kiungo, wekeni maadmini watatu wasiokaa nyumba moja, kila mmoja na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Tangu 2019 mkimbizi anaruhusiwa kusajili laini Uganda kwa kitambulisho cha mkimbizi au atestesheni ya OPM, kwa hiyo si lazima kuazima jina la jirani. Namba ikipotea, mwenyewe anaweza kwenda kuirudisha. Hiki ndicho kilichokosekana kwenye kundi la zamani.

Washeni Approve new members, ili kila anayeingia kwa kiungo aidhinishwe. Wakati wa kuhama matapeli nao hufungua kundi lenye jina lilelile na picha ileile, kisha huomba "ada ya usajili". Kwa hiyo kiungo kitumwe kwenye kundi la zamani na mtu anayejulikana, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika moja unaosema nani anahamisha, kwa nini, na kwamba hakuna malipo. Sauti inayofahamika ni ngumu kuiga kuliko maandishi, na inawafikia wasiosoma. Irudieni kwa Kifaransa, Kiluganda na lugha nyingine za wanachama. Itangazeni pia kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa jumuiya.

Wapeni watu wiki mbili. Katika muda huo kila swali linaloulizwa kule kwa zamani lijibiwe kwenye kundi jipya tu, na kule paandikwe: "Jibu liko kundi jipya." Msilifute kundi la zamani wala msiwaombe watu watoke mara moja. Likibaki kimya kwenye simu zao, kila mmoja bado ana historia yake ya kutafuta.

Msiwalazimishe wote 1,024. Wengi wa namba hizo hazina watu tena. Wakihamia 500 walio hai, kundi lenu ni kubwa kuliko lilivyokuwa kweli, na lina nafasi kwa wanaofika.

Mtajuaje kama mmefanikiwa?

Baada ya mwezi mmoja, mtafuteni mtu aliyeingia jana. Mwombeni, bila kuuliza mtu yeyote, atafute vitu vitatu kwenye simu yake: fomu ya uhamisho wa shule, siku ya mkutano ujao, na majina ya maadmini. Kaeni pembeni mumwangalie bila kumsaidia.

Akishindwa kupata fomu, tatizo ni maelezo ya kundi au majina ya mafaili. Akishindwa kupata siku ya mkutano, muhtasari wa mwezi haukutumwa upya tangu alipoingia. Akiwa hajui maadmini ni akina nani, ndiye atakayemwamini tapeli wa kwanza. Rekebisheni hapo, kisha mjaribu na mwingine aliyeingia leo.